Mizani kwa picha: soma bamba kabla ya kutuma pesa

Mwenye duka wa Morogoro anayetafuta mizani siku hizi halazimiki kupanda basi hadi Kariakoo. Anamwandikia muuzaji kwa WhatsApp, na muuzaji anamrudishia picha: mizani ya kidijitali, sahani ya chuma inang'aa, vitufe vimejipanga, namba nyekundu zinawaka kwenye kioo. Chini ya picha kuna maneno machache tu: "Kilo 30, mpya, haina shida." Pesa zinatumwa kwa simu, mzigo unapakiwa kwenye basi, na kesho yake mizani iko juu ya kaunta. Baada ya siku chache ndipo mwenye duka anagundua kwamba haifai kupimia iliki ya gramu 50, au haikubali kuandikiwa bei ya shilingi elfu tatu kwa kilo, au afisa wa Wakala wa Vipimo anakataa kuipitisha.

Mambo hayo yote matatu huonekana kwenye picha, mradi iwe picha ya mahali panapostahili. Picha ya mbele ndiyo inayopendeza, lakini ndiyo isiyosema mengi.

Umbo moja, majina kumi

Viwanda vinavyotengeneza mizani za mezani huuza umbo lile lile kwa wafanyabiashara wengi, na kila mmoja hubandika nembo yake. Ndiyo maana ukitafuta mtandaoni kwa kutumia picha ya mbele utaletewa mizani nyingi zinazofanana kama pacha, huku ndani zikiwa tofauti: moja inapima kwa hatua za gramu 2, nyingine 5, nyingine 10.

Hata maandishi makubwa ya mbele hupotosha. Mizani nyingi kutoka China zimeandikwa ACS-30 au ACS-40, na wateja hudhani ACS ni jina la kampuni. Ni alama ya aina, inayotumiwa na viwanda vingi vya huko kwa mizani za kielektroniki za mezani. Zile kubwa za kuweka sakafuni, za kupimia magunia, huandikwa TCS. Namba inayofuata ni uzito wa juu kabisa ambao mizani hiyo inabeba, kwa kilo. Kwa hiyo ACS-30 inakuambia kwamba hii ni mizani ya mezani ya kilo 30, na basi. Haikuambii inapima kwa usahihi gani, na usahihi ndio unaoununua.

Mahali penye habari hiyo ni bamba la maelezo: kipande kidogo cha bati au karatasi ngumu kilichobandikwa ubavuni, nyuma au chini ya mizani, mara nyingi pia karibu na kioo. Ujumbe wa kwanza kwa muuzaji basi usiwe "bei gani ya mwisho?" bali: "Kaka, naomba picha ya bamba, karibu kabisa, maandishi yasomeke."

Herufi nne za kusoma

Bamba la mizani ya biashara hufuata utaratibu wa OIML, shirika la kimataifa linaloshughulikia vipimo vya kisheria, katika pendekezo lake namba R 76. Popote ilipotengenezwa, utakuta alama zile zile.

Max ni uzito wa juu. Min ni uzito wa chini, yaani chini ya hapo mizani haipaswi kutumika kuuzia, hata kama namba inaonekana kwenye kioo. Herufi e ni hatua ya uhakiki, ambayo ndiyo afisa wa vipimo anayoitumia kupima makosa. Herufi d ni hatua ambayo kioo kinaruka kutoka namba moja hadi nyingine. Kwenye mizani za kawaida za duka e na d huwa sawa. Pembeni utaona namba ya Kirumi ndani ya mviringo, ambayo ni daraja la usahihi. Mizani za dukani ni daraja la III.

Tuchukue mfano na tuupige hesabu. Duka linauza mchele, maharage na sukari kwa kilo, na linataka pia kuuza viungo: iliki, pilipili manga, karafuu. Bamba la mizani iliyotumwa linasema Max 30 kg, Min 200 g, e = d = 10 g.

Kwa mchele mizani hii inatosha. Mteja akinunua kilo 2, hatua ya gramu 10 ni kitu kidogo. Kwa iliki ni habari nyingine. Tuseme iliki inauzwa shilingi 60,000 kwa kilo, na mteja anataka gramu 50 za shilingi 3,000. Kioo kinaruka kutoka 40 hadi 50 hadi 60, hakuna kilicho katikati. Kinaposema 50, iliki yenyewe inaweza kuwa gramu 45 au 55 hata kama mizani ni nzima kabisa. Tofauti ya gramu 5 ni shilingi 300, sehemu moja ya kumi ya mauzo, na kila mara ama mteja anapunjwa ama muuzaji anajipunja. Bamba lilishasema hilo kwa neno moja: Min 200 g. Kwa daraja la III, Min ni hatua 20 za e, na 20 mara gramu 10 ni gramu 200.

Sasa chukua bamba jingine: Max 6/15 kg, Min 40 g, e = 2/5 g. Mkwaju huo una maana kwamba mizani ina ngazi mbili. Hadi kilo 6 inapima kwa hatua za gramu 2, na kutoka hapo hadi kilo 15 kwa hatua za gramu 5. Gramu 50 za iliki zimo ndani ya kinachoruhusiwa. Kosa ambalo R 76 inalivumilia kwa uzito mdogo hivyo ni nusu ya e mizani inapohakikiwa mara ya kwanza, yaani gramu 1, na mara mbili ya hapo ikiwa kazini. Gramu 2 za iliki ni shilingi 120, si 300. Mwenye duka anapoteza uwezo wa kupima kilo 30 kwa mkupuo, lakini gunia hapimi kwenye kaunta hata hivyo.

Somo la hesabu hii ni kwamba mizani kubwa zaidi si mizani bora zaidi. Aliyezoea kununua kwa kuangalia Max huishia na mizani inayobeba kila kitu na kukosea vile vidogo vya bei kubwa.

Mizani ya jikoni iliyovaa koti la biashara

Kuna mizani moja ndogo nyeupe ya plastiki, yenye duara juu na vitufe viwili vitatu, inayouzwa kila mahali kwa jina la SF-400. Inaonyesha gramu moja moja, na mwenye duka la viungo akiiona anafikiri amepata dawa. Angalia maandishi yake: utakuta uzito wa juu na d = 1 g, lakini hakuna e, hakuna Min, hakuna daraja ndani ya mviringo. Hiyo ni mizani ya kupikia keki. Kioo kinaweza kuandika gramu moja moja bila mizani kuwa na uwezo wa kuzithibitisha. Ukikuta bamba lenye d peke yake, usiendelee na mazungumzo ya bei. Nyingine huandikwa wazi kwa Kiingereza kwamba hazifai kwa biashara, *Not Legal for Trade*, kwa herufi ndogo upande wa chini, mahali ambapo picha ya mbele haifiki.

Bamba likiwa limechakaa

Mizani zilizotumika mara nyingi zina bamba lililofutika kwa jasho na sabuni. Hapo kioo kinaweza kusaidia. Mwombe muuzaji aweke vitu vitatu tofauti, kimoja kimoja, na apige picha ya kioo kila mara. Ukiona 1.23, yaani tarakimu mbili baada ya nukta, mizani inaruka kwa gramu 10 au zaidi. Ukiona 1.235, basi hatua ni gramu 5 au 1. Ukiona 0.418, ni gramu 2 au 1. Picha moja haitoshi, ila tatu nne zikionyesha tarakimu ya mwisho 0 au 5 tu, karibu hakika ni mizani ya gramu 5. Hili linakupa d. Halikupi e wala daraja, na mizani isiyosomeka bamba itakuletea shida mbele ya afisa hata kama inapima vizuri.

Picha hizo hizo zinaonyesha jambo linalowaumiza wanunuzi wa Tanzania: nukta kwenye dirisha la bei. Mizani ya kukokotoa bei ina madirisha matatu, la uzito, la bei kwa kilo na la jumla. Mizani zilizotengenezwa kwa nchi zenye senti zina nukta isiyoondoka, tarakimu mbili zikiwa za senti. Dirisha la tarakimu tano litafika 999.99 na kuishia hapo. Kenya, ambako kilo ya sukari ni shilingi mia na kitu, mizani hiyo inafanya kazi vizuri. Tanzania, ambako ni elfu kadhaa, haiingii. Wapo wanaoandika 3.20 wakimaanisha 3,200, na jumla wanaisoma kwa maelfu. Inawezekana, lakini kila jumla inazungushwa kwa shilingi 10, na mteja anayetazama upande wa pili wa kioo haelewi anacholipa. Uliza kabla: "Naomba uandike bei 60000 kwenye dirisha la katikati, upige picha." Kama kuna nukta, uliza pia kama fundi anaweza kuiondoa kwenye mipangilio. Baadhi zinakubali, nyingine hazikubali.

Lakiri, stika na mvutano wa dunia

Picha ya tatu ni ya chini ya mizani. Hapo unatafuta lakiri: risasi iliyopitishiwa waya, au kibandiko kinachoraruka, juu ya skrubu au kitufe cha kurekebishia kipimo. Lakiri ikiwa imekatika, mtu amefungua. Labda alikuwa anabadilisha betri, labda alikuwa anabadilisha kilo. Picha haiwezi kutofautisha, na sheria haijali sababu: mizani iliyofunguliwa hurudi kuhakikiwa upya.

Tanzania Bara kazi hiyo ni ya Wakala wa Vipimo, chini ya Sheria ya Vipimo, Sura ya 340. Mizani ya biashara huhakikiwa kila mwaka. Muuzaji akikuonyesha stika ya Wakala kama ushahidi wa uzima, soma mwaka wake, kisha linganisha namba ya mizani kwenye bamba na namba iliyo kwenye cheti cha uhakiki. Stika ya miaka mitatu iliyopita inasema tu kwamba miaka mitatu iliyopita mizani hiyo ilikuwa salama.

Mizani zilizotumika kutoka Ulaya zina alama nyingine ya kusoma: herufi M na tarakimu mbili ndani ya kisanduku, pembeni ya CE. Tarakimu ni mwaka wa uhakiki wa kwanza, kwa hiyo M 17 ni ya mwaka 2017. Alama hiyo inakupa umri wa mizani, jambo ambalo muuzaji huwa halikumbuki vizuri. Haikupi ruhusa ya kuuzia Morogoro.

Na hapo kuna sababu ya kimaumbile, si ya kiofisi tu. Mizani ya kidijitali haipimi wingi wa kitu moja kwa moja. Inapima jinsi kitu kinavyokandamiza chini, na mvutano wa dunia karibu na ikweta ni mdogo kuliko kaskazini. London mvutano huo ni kama 9.812, Dar es Salaam ni kama 9.781. Mizani iliyorekebishwa London, ikiletwa pwani bila kuguswa, itaonyesha pungufu ya gramu 3 hivi kwa kila kilo. Kilo 10 halisi za mchele zitasomeka kama kilo 9.97. Mwenye duka ataongeza mchele hadi kioo kifike 10, na ile nyongeza ya gramu 30 inatoka mfukoni mwake kila anapouza. Mizani ya mawe haina tatizo hili, kwa kuwa mawe na bidhaa vyote vinavutwa sawa. Ya kidijitali lazima irekebishwe upya pale itakapotumika, na hakuna picha itakayokuonyesha kama imefanyiwa hivyo.

Skana: herufi moja, kazi mbili

Mara nyingi muuzaji huongeza: "Na skana ninayo, nikuwekee?" Hapa pia umbo hudanganya. Mfano unaojulikana sana ni LS2208 na DS2208. Zote zina mpini na kifyatulio, na kwenye picha ya haraka ya simu ni rahisi kuzichanganya. Ya kwanza inasoma msimbo wa mistari tu, ule ulio kwenye pakiti ya majani ya chai au sabuni. Ya pili inasoma mistari na pia ule mraba wa QR, na inaweza kusoma hata kutoka kwenye kioo cha simu. Kwa mtengenezaji huyo, LS ni skana ya leza na DS ni ya kamera. Nembo ya Symbol au Motorola kwenye skana kama hizo inakuambia ni toleo la zamani, kwani Zebra ilinunua biashara hiyo mwaka 2014.

Kwa hiyo mwombe tena muuzaji picha ya kibandiko cha chini chenye namba ya modeli. Kisha mwombe afyatue kuelekea karatasi nyeupe na kupiga picha ya mwanga. Mstari mmoja mwembamba mwekundu unaong'aa sana ni leza ya mistari. Mwanga uliosambaa wenye alama ya kulengea katikati huwa ni kamera. Onyo la leza kwenye kibandiko lisikuamulie peke yake, maana baadhi ya skana za kamera hutumia leza kulengea tu.

Usisahau waya. Kwenye skana nyingi waya unachomolewa chini ya mpini, na ndio unaoamua skana itaungana na nini. Ncha bapa ya USB inaingia kwenye kompyuta yoyote, na skana inafanya kazi kama kibodi: inaandika tarakimu za msimbo. Ncha pana yenye matundu tisa ni ya mashine za zamani. Isiyo na waya iliyopigwa picha bila kitako chake wala kile kipokezi kidogo cha USB, ihesabu kuwa haijakamilika.

Jaribio lake ni rahisi. Muuzaji afungue programu yoyote ya kuandikia, apige skana kwenye pakiti, na arekodi video. Tarakimu 13 zinapaswa kujitokeza sawasawa na zilizochapwa chini ya mistari. Zikianza na 620, msimbo umetolewa Tanzania. 616 ni Kenya. Skana haijui bei wala jina la bidhaa. Hayo yako kwenye programu ya duka, na duka lisilo na programu halina kazi ya kuipa skana.

Picha inapoishia

Kwa duka letu la mfano, ujumbe mmoja kwa muuzaji unatosha: "Kaka, naomba picha tano. Bamba kwa karibu, chini palipo na lakiri, nyuma palipo na waya, kioo kikiwa na mzigo, na dirisha la bei likiwa na 60000. Na video fupi ukiweka pakiti moja katikati ya sahani halafu kwenye kila pembe." Hiyo video ina maana yake: mizani iliyowahi kuanguka au kubebeshwa kupita kiasi mara nyingi hutoa namba tofauti pembeni na katikati. Tofauti ikizidi hatua moja ya kioo, achana nayo.

Pakiti ya sukari iliyoandikwa kilo moja haithibitishi usahihi, kwa sababu ina uzito wa karatasi na sukari yenyewe inaruhusiwa kuzidi au kupungua kidogo. Usahihi unathibitishwa kwa mawe ya uhakiki ya Wakala, mizani ikiwa imesimama sawa mahali ilipo. Kwa hiyo makubaliano ya pesa yafuate mpaka huo. Lipa sehemu kwa kile ulichokiona kwenye picha, na kubalianeni kwa maandishi kwamba salio linalipwa mizani ikishapata stika mpya. Muuzaji anayejua mizani yake ni ya daraja la III na lakiri yake ni nzima hana sababu ya kukataa. Anayesema "hiyo stika utaihangaikia mwenyewe, dada" amekujibu swali ambalo picha haikuweza kulijibu.